Nyonga ya Mtani

Watu wa Kwihara kwao Lukumani na watu wa Igunga kwao Masolwa walikuwa watani tangu babu zao walipobeba pembe za ndovu pamoja kwenda pwani. Aliyekufa njiani alizikwa na mtani wake, na mtani huyo ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuchezea msiba. Mtani akikutukana, unacheka. Akikukamatia kuku wako, unacheka. Ukinuna, kosa ni lako, na wazee watakutoza faini. Ndiyo sheria, na Lukumani, dresa aliyefunga vidonda na kumsaidia daktari katika hospitali ya serikali pale Tabora, aliichukia sheria hiyo kuliko ndui.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma mdogo wake Mayala, aliyecheza pembeni katika timu ya mjini, alianza kulalamika kinena cha kulia. Palikuwa na uvimbe mdogo uliochomoza akikohoa au akipiga mpira kwa nguvu, na akilala chali ulirudi ndani wenyewe. Dresa wa mwaka wa kwanza angekwambia hiyo ni ngiri. Lakini Mayala hakwenda kwa dresa, alikwenda kwa nahodha wake, na nahodha alikuwa Masolwa. Masolwa alisema msuli umevutika. Akamchua kwa chumvi ya moto, na kwa kuwa alikuwa mtani akamwita Mama Kijacho mbele ya wachezaji wote.

Siku ya mechi uvimbe ukatoka na kukataa kurudi. Ukawa mgumu, ukiguswa Mayala analia. Akaanza kutapika, tumbo likajaa, choo kikafunga, hata upepo haukupita. Utumbo ulikuwa umenasa pale kwenye tundu na kunyongwa, damu haiendi, nao Masolwa na wenzake wakazidi kuuchua. Walimfikisha hospitali siku ya tatu. Alikufa kabla hajaingizwa chumba cha kupasulia.

Lukumani wakati huo alikuwa zahanati ya Nzega. Alifika Kwihara kwa lori siku ya maziko, vumbi mpaka kwenye kope, na alichokikuta uani kilikuwa watu wanacheka. Masolwa alikuwa katikati yao akitimiza kazi ya mtani: amevaa jezi ya marehemu, ameinama, mkono kinenani, anachechemea huku na huku akiguna, “Yoo, mama, nazaa!” Wajomba walicheka na machozi yao. Flavia, mjane wa miezi minane ya ndoa, alifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. Kisha Masolwa akamgeukia Lukumani, akamwonyesha tumbo. Watu wote wakamtazama kaka wa marehemu. Lukumani akacheka. Mungu anajua alivyokitoa kicheko kile, na tangu siku ile alikuwa anadai.

Basi, Jumatatu moja ya mwaka wa hamsini na moja, Lukumani akiwa amehamishiwa Tabora, foleni ya wagonjwa imejaa barazani na daktari mzungu yuko safarini hadi wiki inayofuata, nani anaingia akichechemea? Masolwa. Mpira alikuwa ameuacha, sasa ni mkimbiaji, fundi wa karakana ya reli ambaye kila jioni alikimbia barabara ya zamani ya misafara kwenda Kwihara na kurudi. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya mkoa kwa njia hiyo hiyo, na mshindi angepelekwa Dar es Salaam.

“We mzoga wa Kwihara!” alisalimu. “Bado hawajakuzika?”

“Nangoja wewe utangulie,” alijibu Lukumani. “Unaumwa nini?”

“Kinena. Msuli tu. Nipe dawa ya kuchua niende zangu.”

Msuli tu. Lukumani alisikia maneno hayo yakimwingia kama maji ya betri. Akamwambia apande kitandani avue suruali, na akavuta pazia nusu tu, kwa makusudi.

Tuseme haki: kazi yake aliifanya sawasawa. Chuki haikumpofusha mikono. Alimsimamisha kwanza, akaweka vidole juu ya kinena cha kushoto, akasema, “Kohoa.” Hakuna kilichogonga vidole. “Kohoa tena, siyo kama bibi harusi.” Hakuna. Ngiri haikuwapo, na Lukumani akaona aibu kwa kuwa moyo wake ulisikitika. Akamlaza, akamwekea ngumi yake katikati ya magoti, akamwambia aibane kwa nguvu zote. Mwenye msuli wa paja la ndani uliochanika hapo huruka. Masolwa aliibana mpaka vifundo vya Lukumani vikalia, wala hakukunja uso. Akabonyeza pale msuli unaposhikana na mfupa wa kinena: hapaumi kitu cha maana.

“Yalianzaje? Ulisikia kitu kinakatika?”

“Hapana. Yalikuja polepole, tangu nilipoongeza mbio. Mwanzo yalikuja nikikimbia, nikipumzika yanaisha. Sasa hata kitandani. Huku ndani kabisa, halafu yanateremka mpaka karibu na goti.”

Lukumani akalinyanyua goti la kushoto, akalikunja mpaka likaelekea darini, kisha taratibu akauzungusha mguu wa chini kuelekea nje, nyonga igeuke kwa ndani. Masolwa akakamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Jasho likamtoka. Mguu wa kulia ulizunguka bila taabu.

“Shuka. Ruka kwa mguu wa kushoto peke yake.”

Aliruka mara moja, akaangukia ukuta.

Hapo Lukumani akajua. Wakati wa vita alikuwa jeshini, na aliwaona makuruta waliopewa mizigo na mwendo wa maili nyingi kabla mifupa haijazoea. Walilalamika kinena, sajini akawaita wavivu, na siku moja wakiwa kwenye mwendo shingo ya mfupa wa paja, pale inapoingia kwenye nyonga, ikakatika kabisa. Huanza na ufa mwembamba kama unywele. Ukimlaza mtu kwa wakati, akatembea kwa magongo miezi miwili mitatu bila kuukanyaga mguu, huenda ukaunga. Ukimwacha akimbie, humwachi na mguu.

Alinawa mikono polepole. Angeweza kusema ni msuli, na asingejulikana. Lakini uongo ungebaki mikononi mwake, naye alitaka mikono safi. Akafikiri, akaona jambo zuri zaidi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akalifungua pazia lote, baraza nzima ione.

“Jamani!” alitangaza. “Mtani wangu huyu mfupa wa nyonga umepata ufa! Jumamosi akikimbia utakatika kama muhogo mkavu, na Wanaigunga wote watachechemea kwa heshima yake! Mpeni magongo, mpeni na gauni, akae kitandani miezi mitatu anye kwenye beseni!”

Baraza ikalipuka. Bibi mmoja mwenye kidonda alicheka hadi akashika ubavu. Masolwa naye alicheka, akifunga mkanda wake.

“Mnajua Kwihara hamna mkimbiaji, ndiyo maana! Unataka nilale ili washinde ndugu zako wenye miguu ya bata!”

“Nimekwambia, ukikimbia utavunjika.”

“Na wewe utaoa lini, tasa wee?”

Kila neno la Lukumani lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofika. Akafungua daftari akaandika kwa mwandiko mzuri: nyonga ya kushoto, yadhaniwa ufa wa shingo ya mfupa, ameambiwa asikimbie. Daktari akirudi atasoma. Dawa ya kuchua hakumpa.

Masolwa alifika mlangoni, akasimama. Akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa, na sauti yake ilikuwa nyingine.

“Lukumani. Acha utani sasa. Ni msuli, siyo?”

Kuna neno hilo, acha utani, na watani wote wanaliheshimu. Likisemwa, meno yanafunikwa na watu wanazungumza. Lukumani alijua. Alimtazama macho, akaiona hofu ndani yake, hofu ya mtu anayeujua mwili wake, na akatamani ule muda usiishe. Ilikuwa tamu. Akaacha meno yake wazi vilevile.

“Kavae gauni kwanza,” alisema, “ndipo nikujibu.”

Masolwa akavuta pumzi, akacheka, akamsukuma bega. “Mjinga mkubwa wewe. Umenitisha.” Akaondoka.

Kulikuwa bado na siku tano. Bwana mkubwa wa michezo alikaa bomani, mwendo wa dakika kumi, na karatasi moja ya dresa ingemtoa Masolwa kwenye orodha. Jumanne Lukumani alipita mbele ya boma. Alhamisi alipita tena.

Jumamosi alisimama karibu na mstari wa mwisho, mkoba wa huduma ya kwanza begani, kwa kuwa ndiye aliyepangwa. Masolwa alitokea kwenye kona ya barabara akiwa wa pili, uso umekauka kwa maumivu, anakimbia kwa ubavu. Zikiwa zimebaki hatua mia moja hivi, mguu wa kushoto ulimkataa. Waliokuwa karibu walisema walisikia mlio. Lukumani alipofika alikuta mguu umefupika na unyayo umelalia nje, vilevile alivyowaona makuruta. Aliufunga kwa vibao, akaufunga pamoja na ule wa kulia uliokuwa mzima, hakukosea hata fundo moja.

Katikati ya mayowe Masolwa alimshika mkono. “Ulisema,” alilia. “Jamani, huyu alisema!”

Daktari aliporudi alisoma daftari, akampongeza Lukumani mbele ya wauguzi. Kuhusu Masolwa alisema atalala miezi, mguu unavutwa kwa uzito wa mchanga, na hata ukiunga, karakana asahau na mbio asahau. Masolwa alikubali kila kitu ila jambo moja: asiguswe na mtu mwingine yeyote. Kuoshwa, kugeuzwa, beseni, ni Lukumani. “Huyu ndiye peke yake hapa asiyenidanganya,” aliwaambia wodi nzima.

Wiki ya tatu Lukumani hakuweza tena. Kisasi kisichojulikana na anayelipishwa ni kisasi gani? Asubuhi moja, anamfuta mgongo, akasema kwa sauti ya chini, meno yamefunikwa:

“Nilijua hutaniamini. Nilitania kwa makusudi ili ukimbie. Uliposema niache utani, sikuacha, kwa sababu ya Mayala. Wewe ulimwua, kisha ukamwigiza msibani. Nimekulipa, Masolwa.”

Masolwa aligeuza shingo kwa shida, akamtazama. Lukumani akangoja tusi, akangoja chozi, chochote.

Masolwa akapasuka kwa kicheko. Alicheka mpaka ule mfuko wa mchanga ukayumba kwenye kamba.

“Sikieni mtani wangu huyu!” aliwaita wenzake. “Eti ameniloga kwa ajili ya Mayala! Mayala nilimzika vizuri, au sivyo? Watu walicheka siku ile!” Akajifuta machozi kwa kiganja. “Lukumani, we mbaya. Utaniua kabla ya mguu.”

Wodi nzima ikacheka. Wote wakamgeukia Lukumani, wakingoja zamu yake. Akasimama pale na beseni la maji machafu mikononi, na kwa kuwa sheria ni sheria, akacheka.