Mstari Nilioufuta kwenye Wasifu

Mambo haya yalitukia mwaka 2017, mwishoni mwa kiangazi, mjukuu wangu wa kike alipokuwa mwaka wa pili wa diploma ya ugavi na utunzaji wa bohari. Wenzake aliojiunga nao chuoni walikuwa wamekwisha kuhitimu. Yeye alikuwa amebaki nyuma mwaka mzima, kwa sababu aliyaacha masomo akamwuguza mama yake, binti yangu wa pekee, ambaye figo zake zilishindwa kazi na ambaye mwishowe tulimzika.

Nyumbani tulimwita mjukuu huyo Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kukimbia hata mvua ilipomnyeshea. Mwaka huo, hata hivyo, alikuwa na haraka. Chuo kilimtaka kila mwanafunzi ajitafutie mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane, na asiyeleta barua ya kukubaliwa kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi angesubiri kundi la mwaka unaofuata. Taratibu alikwisha kubisha hodi kwenye maghala manne, akaambiwa nafasi zimejaa. Ilibaki bohari ya dawa ya hospitali kuu, iliyokuwa ikichukua wanafunzi wawili tu.

Mimi nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na minane. Barua za maombi ya kazi zilipita mikononi mwangu kwa maelfu, nami nilijua, au nilidhani kuwa najua, ni ipi itasomwa na ipi itatupwa kapuni. Kwa hiyo Taratibu alipoleta rasimu ya wasifu wake mezani jioni ya Jumapili, nilivaa miwani na kushika kalamu nyekundu.

Ulikuwa ukurasa mmoja. Chini ya masomo alikuwa ameorodhesha matano tu: Udhibiti wa Akiba, Usimamizi wa Bohari, Utunzaji wa Kumbukumbu, Takwimu, na Usalama Kazini.

"Umesoma masomo mangapi?" nilimwuliza.

"Ishirini na mawili, Bibi."

"Na hayo mengine kumi na saba umeyala?"

"Mratibu wa mafunzo alituambia tuchague yanayohusiana na kazi tunayoiomba. Bohari ya dawa haina haja na Sheria za Biashara."

"Mratibu wako ana umri gani?"

Mjomba wake, mwanangu wa kiume, fundi wa kushona nguo, alikuwa kando ya ukuta akipiga pasi suruali ya mteja. Alicheka. "Mama, huyo mratibu sasa atahukumiwa kwa kuzaliwa baadaye."

Nilimwambia aangalie pasi yake isiunguze suruali ya watu, nikaendelea kusoma. Chini ya ujuzi, Taratibu alikuwa ameandika kwamba anaweza kujaza leja na kadi ya akiba, na kutumia jedwali la kompyuta. Nilisahihisha alama za mkato. Kisha nikafika sehemu ya shughuli nyingine, na hapo kalamu yangu ilisimama.

Alikuwa ameandika hivi: *Kumhudumia mgonjwa nyumbani na wodini, miezi kumi na minne. Kutunza daftari la dawa kumi na moja: zilizopokelewa, zilizotumika, salio, na tarehe ya mwisho wa matumizi.*

"Hili ni nini?"

"Ni kazi niliyoifanya, Bibi. Ndiyo bohari pekee niliyowahi kuishika."

"Mgonjwa huyu ni mama yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana sikumtaja."

"Wasifu si tanzia," nilisema. "Mtu haendi ofisini na jeneza kichwani ili aonewe huruma."

"Siombi huruma. Wauguzi walikuwa wakilitazama daftari lile kabla ya kumchoma sindano. Siku moja niligundua chupa iliyopita muda wake, ikaenda kubadilishwa. Na watu wa vitanda vya jirani waliniomba niwaandikie na wao."

"Nimesema hapana."

Mjomba wake aliiweka pasi wima. "Mama, mficha uchi hazai. Mwache aandike. Na mwaka ule ambao hakuwa chuoni atausemaje?"

"Atasema alikuwa na udhuru wa kifamilia. Ndivyo ilivyoandikwa katika mafaili ya watu wenye heshima zao."

Niliufuta mstari ule kwa wekundu, mara mbili, mpaka karatasi ikachanika kidogo. Taratibu aliitazama karatasi, hakunitazama mimi. Akasema, "Sawa, Bibi," akaenda kuuandika wasifu upya kama nilivyoamuru: masomo yote ishirini na mawili pamoja na alama zake, kurasa mbili kamili, na mahali pa shughuli nyingine, *kusoma vitabu*.

Mjomba wake alipoona nakala safi alisema, "Huu ni wasifu au orodha ya wapiga kura?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumatano nilimsindikiza hospitali. Bohari ya dawa ilikuwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje: mlango wa chuma, dirisha pana la kutolea dawa lenye nondo, na benchi refu ukutani. Waombaji walikuwa tisa. Nilikaa benchini, karibu na dirisha, na kwa kuwa lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, nilisikia kila neno.

Mkuu wa bohari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuhesabu kwa sauti.

"Masomo ishirini na mawili," alisema. "Hongera kwa kuyasoma. Sasa niambie, ni lipi kati ya haya litakalonisaidia mimi Jumatatu asubuhi?"

"Udhibiti wa Akiba, mama. Na Utunzaji wa Kumbukumbu."

"Yako namba ya tisa na ya kumi na nne. Nimeyatafuta kama sindano kwenye majani." Nilisikia karatasi ikigeuzwa. "Nikipokea maboksi mawili ya dawa ileile, moja limekuja leo na jingine lilikuja mwezi uliopita, natoa lipi kwanza?"

"Tunatazama tarehe ya mwisho wa matumizi, si siku lilipofika. La leo likiwa na muda mfupi zaidi, ndilo linalotoka kwanza."

"Vizuri. Wenzako kadhaa wamekosea hapo. Umewahi kulifanya kwa mikono yako?"

Kimya.

Nilijua anachokitafuta mjukuu wangu katika kimya kile. Alikuwa akitafuta ruhusa yangu. Nilikuwa umbali wa hatua tatu, nami nilikaa nimenyooka, mkoba magotini, nikitazama mbele.

"Tumejifunza darasani," alisema hatimaye.

"Na mwaka huu mmoja usiokuwa na kitu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na udhuru wa kifamilia."

"Udhuru gani? Huna haja ya kunipa siri za nyumbani. Nataka kujua tu kama ulifukuzwa chuo."

"Sikufukuzwa."

"Basi?"

"Ni udhuru wa kifamilia, mama."

Mkuu wa bohari alishusha pumzi. "Haya. Asante kwa kuja. Majina tutayabandika kesho."

Alhamisi karatasi ilibandikwa mlangoni. Majina yalikuwa mawili, na la Taratibu halikuwamo. Aliyasoma mara moja tu, akamtakia heri kijana aliyekuwa pembeni yake, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza, kisha akaniambia, "Twende, Bibi, jua linakuwa kali."

Nilimwambia atangulie kituoni. Nikabisha dirishani.

"Shikamoo, mama," alisema mkuu wa bohari.

"Marahaba. Mimi ni bibi wa yule msichana wa udhuru wa kifamilia."

Akaniangalia vizuri. Nikamweleza yote: miezi kumi na minne, dawa kumi na moja, daftari, chupa iliyopita muda, na kalamu yangu nyekundu. Nilieleza nikiwa nimesimama, kama mtu anayesoma taarifa mbele ya wakubwa. Nilipomaliza, alikuwa ameegemeza mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Wodi ya figo?" aliuliza. "Chupa iliyorudishwa na binti wa mgonjwa?"

"Hiyo."

"Mama, mimi ndiye niliyeibadilisha. Tulikagua rafu nzima siku ile, tukakuta nyingine sita. Muuguzi alinisimulia kuna binti anaandika dawa za mama yake vizuri kuliko sisi tunavyoandika. Nikasema, huyo akisoma kazi hii nitamchukua bila maswali." Alitikisa kichwa. "Alikaa hapa mbele yangu jana. Nikamwuliza kwa mdomo wangu. Kwa nini hakusema?"

"Nilimkataza."

Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

"Hakuna njia?" nilimwuliza.

"Mwaka huu hakuna. Barua za wale wawili zimetoka, na nina kibali cha watu wawili tu. Siwezi kumnyang'anya mtoto wa mwenzio. Mwakani alete maombi mapema, na aandike alichokifanya. Lakini siwezi kukuahidi, mama. Huenda mwakani nisiwe mimi kwenye kiti hiki."

Ijumaa ikapita. Chuo kikafunga orodha. Jumatatu, wenzake wa darasa walipokwenda kuripoti kwenye maghala yao na makoti mapya ya kazi, Taratibu alikuwa uani akifua shuka. Kwa mara ya pili alikuwa akiachwa nyuma na wenzake, na safari hii si maradhi yaliyomchelewesha.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. Binti yangu alipolazwa, nilikwenda wodini wiki moja tu. Siku ya saba nilimwona akitetemeka baada ya kusafishwa damu, midomo imekauka, akaniita kama alivyokuwa akiniita akiwa mtoto. Nikatoka nje, na sikurudi tena. Nilisingizia miguu. Zamu yangu yote, miezi kumi na minne, aliibeba msichana wa miaka ishirini. Mstari ule ulipotokea mezani sikuona kosa la uandishi. Niliona mahali ambapo jina langu lilipaswa kuwapo na halikuwapo.

Nilitoka uani. Alitaka kuninyanyulia kigoda.

"Usininyanyulie. Nitasimama."

"Miguu yako, Bibi."

"Miguu yangu ni mizima. Ilikuwa mizima wakati ule pia."

Aliacha kufua. Povu lilikuwa likimchuruzika viganjani.

"Nilikulazimisha ufiche kazi uliyoifanya vizuri," nilisema, "kwa sababu ilikuwa kazi yangu, nami niliikimbia. Umepoteza mwaka kwa ajili yangu. Nakuomba radhi."

Sijawahi kumwomba mtoto radhi katika maisha yangu. Nilikuzwa na watu ambao hawakufanya hivyo. Taratibu aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, bila sauti, kama yalivyotikisika siku ya mazishi nilipokuwa nikiwakaribisha wageni na kumwambia afute machozi.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni, gauni langu likalowa, nikaishika mikono yake yenye povu.

"Na kuna jingine nilipaswa kulisema tangu siku tulipotoka makaburini," nilimwambia. "Ahsante kwa kumwuguza mwanangu."