Mahindi Yaliyotolewa Shambani

Mume wangu akikasirika hapigi kelele, anafanya kazi. Siku ya tatu baada ya moto nilimkuta tangu alfajiri anasukuma toroli kutoka kwenye majivu ya ghala kwenda shambani, amejaza magunzi meusi ya mahindi, na anayamwaga huku na huku kama mtu anayepanda.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Nayarudisha yalikotoka. Mkaguzi wa bima anakuja saa nne. Atakuta ekari zote sita zimeungulia shambani."

Niligeuka nikarudi jikoni bila kumzuia, mimi ambaye watu wa nyumba yetu husema nina ulimi wa kukopesha majirani.

Mambo yalikuwa hivi. Tulikuwa na ekari sita za mahindi, na bima yake ilikuwa kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye mwanachama wa ushirika. Wiki mbili kabla ya moto, wezi waliingia kwa jirani wakamvunia nusu shamba. Mume wangu akapata homa ya wasiwasi. Akaanza kuvuna kwa haraka, tunamenya maganda, tunaingiza ghalani. Ekari nne zikaisha hivyo. Ekari ya tano tuliikata, tukasimamisha mabua yake mafungu mafungu shambani yakauke. Ya sita ilikuwa bado imesimama. Ndipo jirani wa upande wa pili akachoma magugu yake mchana wa upepo. Moto haukuuliza mpaka ni wapi. Ulipita shambani kote, ukala na ghala letu la nyasi, na mahindi yote yaliyokuwa ndani.

Jioni ile ile mume wangu alimpigia simu wakala wa bima. Wakala ni mtu wa ushirika, mpole, shati lake halikosi kalamu mbili. Alimwambia waziwazi: ya shambani yanalipwa, ya ghalani hayamo kwenye karatasi zenu. Mume wangu akamwita mwizi. Alimwita mwizi kwenye simu, akamwita mwizi kwa mwenye mashine ya kusaga, akamwita mwizi mbele ya kaka yangu. "Amekula hela zetu, halafu anajidai hatujui. Sasa na sisi tutamla," alisema.

Na mimi nilinyamaza. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nilinyamaza siku tatu.

Kwa sababu wakala hakutuibia kitu. Siku ya kukata bima alinikalisha kwenye benchi la ofisi yake akanisomea kila mstari. Mazao yakiwa yamesimama yana bima ya moto na ya wizi. Yakikatwa yakaachwa shambani kukauka, bima inaendelea siku kumi na nne. Yakitolewa shambani, bima hiyo inakoma hapo hapo. "Ghala lina bima yake peke yake, mama," aliniambia. "Ninataka kujua limejengwa kwa nini, liko wapi, na litaingia magunia mangapi." Nilipomwambia paa ni la nyasi, akasema itakuwa ghali kidogo. Nikacheka. Nikamwambia ghala liko hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu, nani atathubutu? Akachora mstari kwenye fomu, pale penye nafasi ya ghala, nikaweka sahihi pembeni.

Tulipoanza kuvuna kwa hofu ya wezi, mume wangu aliniuliza kabla hajabeba hata gunia moja. "Na ghalani nako kuna bima?" Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria. Sikutaka maneno, na sikutaka aambiwe mkewe amebana matumizi pasipobanwa. Nikasema, "Ipo." Basi akayatoa mahindi mahali ambapo yangelipwa hata yakiibiwa, akayapeleka mahali ambapo yasingelipwa hata yakiungua. Alifanya hivyo kwa neno langu.

Saa nne mkaguzi akafika na pikipiki, buti zake zina vumbi. Alitusalimu vizuri, akatupa pole, akaomba kwanza atembee peke yake. Tulimfuata hivyo hivyo. Alipima ekari iliyokuwa imesimama kwa hatua. Akainama kwenye mafungu ya mabua, akauliza yalikatwa lini. "Siku tano kabla ya moto," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli. Akaandika.

Kisha akafika kwenye ekari nne. Akaokota gunzi moja, akaligeuza, akaokota lingine.

"Mzee, haya nayo yaliungulia hapa?"

"Hapo hapo," akasema mume wangu.

"Kule kwenye ekari mbili kila gunzi lina maganda yaliyoungua, na limeshikana na bua lake. Haya hayana maganda wala vikonyo. Na chini hakuna mabua, kuna visiki tu vilivyokatwa." Alisema polepole, hana haraka ya kumwaibisha mtu. "Sijauliza bado yaliyo kwenye fomu. Fomu haijajazwa. Lakini ni vizuri mjue: madai yakiwa na uongo ndani yake, yanafutwa yote, hata zile ekari mbili za kweli."

Mume wangu akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, kwamba yalimenywa hapo hapo shambani, na nilijua angekula kiapo. Mtu ambaye hajawahi kuchukua hata jembe la jirani bila kuomba. Njia ya mwongo fupi, husema watu, lakini aliyekuwa anatembezwa kwenye hiyo njia ni yeye, na mwongo ni mimi.

"Yalikuwa ghalani," nikasema. "Yameletwa leo. Andika ekari mbili, nitaweka sahihi. Na ghala halina bima. Niliulizwa, nikakataa mwenyewe. Mume wangu hakujua. Aliniuliza nikamdanganya."

Mkaguzi alitazama buti zake. Mume wangu alinitazama mimi, na sikuweza kumtazama.

Fomu tuliijaza juu ya meza ya jikoni. Ekari mbili. Mkaguzi akasema zitalipwa bila matata, na mahindi ya ghalani hayana njia. Hela hizo zingetosha mbegu na miezi michache ya unga, si mwaka. Alipoondoka nilingoja nitukanwe. Nilitaka nitukanwe, ningepumua.

Mume wangu akachukua simu yake, akampigia wakala.

"Ndugu yangu," akasema, "nimekosa. Nimekuita mwizi kwa watu, na nitarudi kwa mmoja mmoja niwaambie si kweli. Karatasi sikuzisoma. Nilihamisha mahindi kwa haraka zangu mwenyewe, tamaa ya kuyaficha. Kosa ni langu."

Hakunitaja. Alikuwa anazungumza huku amenipa mgongo, sauti yake ya kawaida, na mabega yamemshuka. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwogopa kama dakika ile, jinsi alivyokuwa tayari kuubeba mzigo wangu hadi mwisho bila kuniuliza chochote.

Nikamnyang'anya simu.

"Usimsikilize," nikamwambia wakala. "Wewe ulinisomea kila kitu. Mimi ndiye niliyekataa, na mimi ndiye niliyemwambia ipo. Yeye aliniamini tu."

Nyuma yangu nilisikia kiti kikivutwa, na mume wangu akakaa chini akasema, kwa sauti ndogo, "Siku tatu hizi sijalala. Nilidhani ni mimi niliyewaletea watoto njaa."