Kitalu cha Minazi cha Mwanamina

Nazi sitini alizipata kwa jembe. Mwezi mzima Mwanamina alipalilia mihogo ya Bibi Zena, kuanzia jua linapochomoza hadi linapokaza, na ujira wake ukawa nazi sitini na maneno ya kumfundisha jinsi ya kuziotesha. Huko kwao milimani, Umatumbi, watu hawakuwa na minazi. Kibiti, alikoolewa, minazi ilikuwapo, na ardhi yake ya mchanga iliipenda, lakini waliojua kuotesha miche iliyo sawa walikuwa wachache. Bibi Zena alijua. Utoto wake wote ulipita katika shamba la bwana mmoja kule delta, mto unakoingia baharini, alikokuwa mtumwa, na kazi yake ilikuwa kitalu.

"Nazi ya mbegu haiangushwi, mwanangu," alimwambia. "Inashushwa kwa kamba. Ikidondoka inapata ufa ndani usiouona, nawe utamwagilia maji miezi minne kumbe unamwagilia maiti. Itikise sikioni. Isiposikika maji, hiyo ni ya mchuzi."

Mwanamina akazianika kivulini wiki tatu. Kisha mwishoni mwa masika akachimba matuta nyuma ya nyumba, akazilaza nazi ubavu, akazifukia hata ikabaki migongo tu inayochungulia. Majivu aliyatia chini kwa sababu ya mchwa, na juu akaezeka makuti machache ili jua lipite kidogo kidogo. Mumewe, Bushiri, alikuwa akimcheka. "Umezika vichwa vya watu," alisema. Lakini alimchongea nguzo za kivuli, na ndiye aliyemletea mteja: Huseni wa Mbwera, mwenye mitumbwi na mashamba ya mpunga, aliyetaka miche arobaini ya kupanda kwenye kisiwa chake masika yajayo. Angelipa mpunga, makanda manne yaliyojaa.

Mwezi wa pili baada ya hapo vita vikalipuka milimani. Habari zilishuka na watu: wamekunywa maji ya dawa, wameng'oa pamba ya Mdachi, wameua, wameuawa. Askari wakapita Kibiti wakienda kusini, na walipopita walichukua wanaume wa kubeba mizigo. Bushiri walimkuta njiani ametoka kukata fito. Mwanamina aliambiwa na jirani tu. Alikimbia hadi barabarani, akakuta mzigo wa fito umelala pale ulipotupwa.

Alirudi akamwagilia kitalu. Hakujua afanye nini kingine.

Kiangazi chote alibeba maji kutoka kisimani, mitungi sita asubuhi na sita jioni. Mwezi wa nne wa kitalu nazi ya kwanza ikatoa ncha nyeupe kama jino la mtoto. Zikafuata nyingine, na nyingine. Zile zilizochelewa hata mwezi wa tano Bibi Zena alimwamuru azing'oe: "Kinachozaliwa kimechoka hakizai." Ikabaki miche hamsini, mifupi, yenye shingo nene, majani yake yamekaza kama ngozi. Mwanamina alikuwa akiipitia mmoja mmoja kwa mkono, na hapo tu ndipo moyo wake ulipotulia.

Kufikia wakati huo njaa ilikuwa imeshafika. Askari walikuwa wamechoma maghala ya vijiji vya kusini, na nafaka ya Kibiti walikuwa wamekula wenyewe. Watu walichimba ming'oko porini. Ilipokwisha wakachimba ndiga, ambayo bila kulowekwa siku nyingi huua.

Ndipo akaja Tabu, mke wa kaka yake Mwanamina. Alikuja kwa miguu kutoka milimani, mwanawe Mtoro mgongoni, na bintiye Mwajabu wa miaka sita ameshika ncha ya nguo yake. Mtoro alikuwa na miaka miwili, lakini kwa uzito alikuwa kama wa miezi.

"Na kaka yangu?" Mwanamina aliuliza.

"Usiniulize, wifi. Niulize maji ya kunywa."

Akawapokea. Alichokuwa nacho waligawana: kisamvu, ndiga, siku nyingine pumba. Tabu alikuwa mchapakazi, na asubuhi ya pili tu alishika mtungi akaenda kisimani bila kuambiwa. Alipokuwa akimwagilia aliinama akaitazama miche.

"Wifi, hizi nazi bado zina nyama ndani?"

"Nyama imekwisha. Ndani kuna joya."

"Joya ni nini?"

"Kitu kama sifongo, laini, kitamu. Mche unapoota ndicho unachonyonya. Ndiyo maziwa yake." Mwanamina alinyoosha mgongo. "Usiiwazie, Tabu. Mche mmoja ukiuvunja unapata kinywa kimoja. Huseni akija na mpunga tutakula sote hata mavuno. Mwezi huu anakuja."

"Na asipokuja?"

"Anakuja."

Huseni hakuja mwezi ule. Ilisemwa mitumbwi inazuiwa na askari, inapekuliwa, inachukuliwa. Mtoro akaanza kuvimba miguu. Tabu aliomba mara moja, kwa sauti ya chini, wavunje mmoja tu, ule mdogo wa pembeni. Mwanamina akakataa. Hakukataa kwa ukali. Alieleza tena habari ya makanda manne, akahesabu kwa vidole, akaona kweli kabisa kuwa anayesema haki ni yeye. Huenda alikuwa akisema haki. Ila alipokuwa akieleza hakumtazama Mtoro.

Siku chache baadaye aliona kitu katika tuta la mwisho, lile lililokuwa karibu na ukuta. Majani ya mche mmoja yalikuwa yamelegea. Alidhani ni jua, akaongeza makuti. Kesho yake miche ikawa mitatu, majani ya kijivu, yamejikunja ncha. Akadhani ni mchwa. Akaleta majivu, akapiga magoti, akafukua udongo ili aone njia za mchwa zinapita wapi.

Mche ulitoka mkononi mwake kama mti uliochomekwa. Chini yake kulikuwa na kifuu kimepasuliwa nusu mbili, kimeunganishwa tena kwa uangalifu, kimefukiwa. Ndani hamna kitu. Aling'oa wa pili, na wa tatu. Tuta zima, miche tisa, yote ilikuwa imesimama juu ya vifuu vitupu, mingine bado mibichi kwa sababu ya maji aliyokuwa akiimwagia kila siku asubuhi na jioni.

Tabu alikuwa uani akisafisha ndiga. Aliona kifuu mkononi mwa wifi yake, akaacha kisu.

"Tangu lini?"

"Tangu miguu yake ilipovimba."

"Nami nabeba maji! Nabeba maji, Tabu, unaniona, nawe unaniacha nimwagilie vijiti!"

"Ningekwambia ungenipa?"

Mwanamina alimpiga na kile kifuu. Kilimpata juu ya nyusi, damu ikashuka mpaka kidevuni. Mwajabu alilia. Mtoro hakulia, alikuwa ameacha kulia siku nyingi.

"Ondoka," Mwanamina alisema. "Ondoka nyumbani kwangu. Nenda ukaibe kwingine."

Tabu alimfunga mtoto mgongoni, akamshika Mwajabu mkono, akaishika njia ya kwenda delta, ambako watu walisema kuna samaki. Hata damu hakuifuta.

Bibi Zena alisikia kelele akaja akijikongoja. Alipoambiwa akatazama kitalu, akatazama njia. "Nilikufundisha kuotesha," alisema, "sikukufundisha hili." Akarudi kwake.

Siku ya nne Huseni akafika. Alikuja na wapagazi sita na mpunga umefichwa chini ya majani ya ukindu, amekonda, nguo zake zina matope ya mikoko hadi kiunoni. Alipita matuta akichagua kama mtu anayejua anachotaka. Aliangalia shingo ya mche, akasukuma kwa kidole aone kama umekaa imara, na kila uliong'olewa aliwaonya wapagazi waubebe kwa nazi yake, si kwa majani, usije ukatoka shingoni.

"Kazi safi, mama," alisema. "Sijawahi kuona miche ya mtu anayeanza ikawa hivi. Arobaini kamili. Nilidhani katika njaa hii nitakuta umeshaila."

Wapagazi walikuwa wameshusha makanda manne mlangoni, na harufu ya mpunga ilimpanda kichwani akahisi kizunguzungu.

"Bwana Huseni, huko njiani ulimwona mwanamke? Ana jeraha hapa."

"Nilimwona. Amekaa kando ya njia, pale kijito kinapokatiza, kabla ya kufika bandarini. Jana. Aliniomba. Ningefungua mzigo pale wangetuvamia, mama, njia nzima ina watu wenye njaa. Ana binti mdogo."

"Na mtoto mgongoni."

"Hapana," Huseni alisema. "Ana binti tu."

Mwanamina hakungoja waondoke. Alitwanga mpunga kiasi cha sufuria, akautia kikapuni pamoja na sufuria yenyewe na kaa la moto ndani ya kifuu, kanda moja akampelekea Bibi Zena mlangoni, akaifuata njia. Alitembea kutwa. Alikuwa akijisemea maneno atakayomwambia Tabu, na kila alipoyafikia mwisho alianza upya, maana hakuna hata moja lililofaa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipowakuta. Tabu ameketi pale pale alipotajwa, mgongo kwenye kichuguu, na Mwajabu amelala mapajani mwake macho wazi. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na udongo uliochimbuliwa karibuni, mfinyu, umewekewa matawi ili fisi wasifukue. Ilikuwa kazi ya mikono mitupu. Kucha za Tabu zilikuwa zimekatika.

Mwanamina alisimama mbele ya lile tuta dogo. Akakaa chini. "Tabu," alisema. "Huseni amekuja."

"Nimemwona akipita."

"Wifi, mimi..."

"Washa moto," Tabu alisema. "Mtoto ana njaa."

Akawasha. Akateka maji kijitoni, akapika uji mwepesi kwanza, kwa kuwa tumbo lililokaa tupu halipokei chakula kizito. Tabu alimnywesha Mwajabu kwa kiganja, tone kwa tone, akimzuia kila alipotaka kugugumia. Mtoto aliposhiba akalala usingizi wa kweli. Ndipo Tabu naye akala. Alikula taratibu, hakumtazama mpishi, na jeraha la juu ya nyusi lilikuwa limefunga gamba jeusi.

"Rudi nyumbani nami," Mwanamina alisema. "Mpunga upo. Utatosha hadi mavuno."

Tabu alitafuna, akameza.

"Ule mdogo wa pembeni," alisema hatimaye, "niliokuomba kwanza. Huseni aliuchukua?"

Mwanamina aliukumbuka. Huseni aliugusa, akaona shingo yake nyembamba, akauacha. Hakuna aliyeutaka.

"Hakuuchukua," alisema.

Tabu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua. Alimwinua Mwajabu, akambeba mgongoni mahali pa Mtoro, akafunga fundo. Mpunga uliobaki kikapuni aliuchukua wote, wala hakushukuru, wala Mwanamina hakungoja shukrani. Akavuka kijito kuelekea Mbwera. Mwanamina alibaki upande wa huku, na jioni ile alikusanya mawe kijitoni, moja moja, akayapanga juu ya matawi ya lile tuta dogo.