Mishono Kumi na Sita

"Siku nikifa, haya macho wayapeleke makumbusho," alisema fundi Sindano, huku akikata uzi kwa meno. "Miaka kumi na miwili nashona, hayajawahi kukosa tundu la sindano."

Akalowesha ncha ya uzi, akalenga. Akakosa. Akalenga tena, akakosa. Mara ya nne akapata kidole gumba.

Mteja aliyekuwa akisubiri koti lake hakucheka, maana alikuwa na kazi ya kulivaa. Aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akasimama mbele ya kioo kama mtu anayeogelea kinyumenyume. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, na wa kushoto kulia.

"Fundi," akasema taratibu, "hii mikono imegombana?"

Dada yake Sindano, ambaye kazi yake mle dukani ilikuwa vifungo na matundu ya vifungo, alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Kisha akamtazama kaka yake akiinamia lile koti, pua ikigusa kitambaa, kama mtu anayenusa mboga kujua kama imechacha. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kaka, kesho twende ukapimwe macho."

"Ni taa hii, mdogo wangu. Taa ndiyo kipofu."

Taa ilibadilishwa. Sindano hakubadilika. Wakaenda.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno machache, tena yote yamepigwa pasi. Alimkalisha Sindano, akamwambia aweke kidevu kwenye mashine, akammulika jicho la kulia kwa mwanga mwembamba kama uzi.

"Unayafikicha macho?"

"Vumbi la vitambaa, daktari. Yanawasha."

"Huyafikichi," dada akadakia, "unayakanda kama unga."

Daktari akaeleza. Mbele ya jicho kuna kioo, kinaitwa konea. Kioo cha Sindano kilikuwa kimekonda na kuchongoka kama ncha ya yai, na katikati pameshaota kovu. Jicho la kushoto lilikuwa na ugonjwa huohuo lakini halijafika mbali. Lenzi ngumu, ile ya kuvaa juu ya jicho lenyewe, ingelisaidia. La kulia lilishapita hapo.

"Nipe basi miwani ya nguvu."

"Miwani ni ya kupitisha mwanga vizuri. Ukiwa na dirisha lililopasuka, pazia jipya litakusaidia nini? Tunatoa hiki kioo, tunaweka kingine."

"Sawa. Kinauzwa wapi?"

"Hakiuzwi. Kinatoka kwa mtu aliyefariki, ambaye yeye au ndugu zake walikubali kutoa."

Sindano hakuwahi kukosa la kusema tangu aote meno. Akatafuta mlango wa nyuma. "Si kuna plastiki siku hizi? Mbona hata meno yapo?"

"Vya kutengenezwa vipo, ila tunaviweka kwa macho machache, yale ambayo vya watu vimekataa mara kadhaa. Kwa lako, kizuri ni cha mtu. Kinachukuliwa saa chache baada ya kifo, damu ya marehemu inapimwa magonjwa, kioo kinakaguliwa, kinawekwa kwenye maji ya dawa. Hakikai sana, siku kumi, wiki mbili. Wanaohitaji ni wengi, wanaotoa ni wachache. Utasubiri foleni."

"Kwa hiyo daktari, mimi ninakaa nyumbani nasubiri mtu afe?"

"Watu hufa bila kukuuliza, fundi. Wewe omba tu atakayekufa awe aliwaambia ndugu zake."

Miezi minne alisubiri. Akavaa lenzi yake ya kushoto, akashona mishono mirefu, na kola na mifuko akamwachia dada. Kila msiba aliousikia mtaani ulimpa aibu, kama mtu aliyekutwa anapima jeneza la jirani. Siku ya Jumanne asubuhi simu ikaita.

Alichomwa sindano ya ganzi, jicho likalala, yeye akabaki macho chini ya shuka la kijani. Alimsikia daktari akiomba uzi. Ufundi ukampanda.

"Daktari, unatumia mshono gani hapo?"

"Nyamaza, fundi. Ukiongea kichwa kinatikisika."

Ilichukua kama saa moja. Jioni daktari alimweleza: amekata kioo kibovu mviringo, upana kama kifungo cha kola, akaweka cha mgeni mahali pake, akakishona pembeni kwa mishono kumi na sita, kila mmoja na fundo lake, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Sindano alisikiliza kama mtu anayesimuliwa mechi. Akasema, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba kuna fundi aliyemzidi.

"Uzi unatoka lini? Wiki mbili?"

"Mwaka. Pengine mwaka na nusu."

"Mbona kidonda cha mguu hutolewa nyuzi baada ya siku kumi?"

"Mguu una damu, damu ndiyo hubeba vya kujengea. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana inang'aa. Kwa hiyo hupona polepole mno. Ukiona imetulia, usidanganyike. Inashikwa na uzi."

Nesi akampa kikinga cha jicho cha kulalia, chupa ya dawa na karatasi yenye visanduku vya siku, kila tone tiki moja. Asifikiche, asibebe mizigo mizito. Kisha akamtajia dalili za jicho kumkataa mgeni: jicho kuwa jekundu, mwanga kuuma, kuona kufifia, maumivu. "Hata moja tu, unakuja siku hiyohiyo. Si kesho. Mwili una askari wake, wakimshtukia mgeni wanampiga. Dawa ndiyo inawatuliza. Na wanaweza kuamka mwezi huu au baada ya miaka."

Wiki za kwanza aliona ukungu. Mwezi wa tatu tangu ashonwe, kingo za meza zilianza kurudi, ila zimepinda. Alipolalamika, daktari akamwonyesha picha ya jicho lake yenye rangirangi. Sindano akaielewa kabla hajaelezwa.

"Uzi wa hapa umekazwa kuliko wa pale. Kitambaa kimejikunja."

"Umesoma wapi udaktari?"

"Kwenye suruali za watu."

Mwezi wa tano daktari akatoa mishono miwili iliyokaza, na meza ikanyooka kidogo. Kila asubuhi dada alimziba jicho la kushoto na kumsomesha kalenda ya ukutani. Kuanzia mwezi wa sita Sindano aliisoma mpaka maandishi madogo ya kiwanda, akaanza kuringa. Dawa ilipopunguzwa ikawa mara mbili kwa siku, akasema moyoni: nguo imeshakaa, pasi ya nini tena?

Ikaja oda ya sare za shule, mia na arobaini. Mashine zikalia kutwa. Tone la asubuhi likasahauliwa, la jioni likafuata, na jicho halikusema kitu. Siku nane chupa ilikaa kwenye droo ya vifungo vilivyovunjika. Dada alipouliza, Sindano alijibu "nimetia" kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Jumatano dada alifika dukani, akamkuta ndani na pazia limeshushwa.

"Mbona giza?"

"Jua kali."

"Mvua inanyesha, kaka."

Akamgeuza uso. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Akamziba la kushoto, akamwelekeza kwenye kalenda.

"Soma."

"Ni uzi mmoja umelegea, unakwaruza. Mshono ukilegea mimi najua. Ijumaa nina miadi, daktari atauvuta."

"Sikukuuliza uzi. Soma tarehe."

Sindano alikodoa. Ukuta ulikuwa umemwagiwa maziwa. Hakuona tarehe wala kalenda.

Hapo ubishi ukamwisha. Si kwa ajili ya sare mia na arobaini, wala jina lake mtaani. Alimfikiria mtu asiyemjua, familia iliyokaa kwenye chumba fulani, katikati ya kilio, ikasema ndiyo. Na yeye ile ndiyo ameitia kwenye droo.

"Funga duka," akasema.

Dada alipokuwa anahangaika na kufuli, Sindano aliichomoa karatasi ya visanduku, akaiweka gotini, na kwa haraka ya mwizi akatia tiki zote zilizokosekana. Lenzi ya kushoto hakuwa ameivaa. Alifuata mstari kwa kukisia, kama anavyofuata upindo.

Daktari alimmulika jicho.

"Uzi uko sawa. Nyuma ya kioo kuna mstari wa chembe nyeupe, na kioo kimevimba. Askari wameamka. Dawa umetia?"

Sindano akatoa karatasi. Daktari akaitazama, akamtazama Sindano, akaitazama tena, akaichomeka kwenye faili.

"Hii hutokea hata kwa wanaotia," akasema. "Bahati yako umekuja leo. Tone kila saa ukiwa macho, na kesho nikuone. Kila tone atatia dada yako. Wewe mkono wako usiguse chupa."

Sindano akadhani ni kwa sababu haoni vizuri.

Dada alihamisha cherehani yake, akaiweka mkabala na ya kaka. Kila saa kengele ya simu ikilia, kichwa nyuma, tone, kazi iendelee. Sare zilichelewa siku tisa na mwalimu mkuu akasema maneno ya mwalimu mkuu. Siku ya sita wekundu ulipungua. Wiki ya tatu ile kalenda ikachomoza kutoka kwenye maziwa, kwanza picha, halafu tarakimu kubwa, halafu, asubuhi moja, jina dogo la kiwanda. Sindano alilisoma kwa sauti. Dada akageuka upande, akajifanya anatafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Mshono wa mwisho ulitoka mwezi wa kumi na sita. Wakasubiri jicho litulie, akapimwa miwani. Mwezi wa kumi na nane akarudi kliniki ameivaa, suti ameishona mwenyewe, mikono ya koti kila mmoja upande wake. Mfukoni alikuwa na barua. Daktari alishamwambia kwamba wenyewe hawatajwi, ila hospitali hufikisha barua isiyo na majina. Akaisoma kwa sauti mbele ya daktari, nesi na dada yake.

"Ndugu zangu nisiowajua. Mlikuwa kwenye kilio chenu, mkanikumbuka mimi ambaye hamkunijua. Mwaka huu nimeuona uso wa mdogo wangu, kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi. Nimetunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, sikurudia. Namshukuru mpendwa wenu kila ninapofungua macho. Na zawadi yake nimeitunza kama mboni, sikuruka dawa hata siku moja..."

Nesi alikuwa anafuta machozi. Dada alikuwa anatazama dari.

Daktari akafungua faili, akachomoa karatasi ya visanduku iliyokunjwa, akaiweka juu ya barua.

"Hii uliniletea Jumatano ile ya jicho jekundu," akasema. "Sasa unaona vizuri. Nisomee tiki ya mwisho iko siku gani."

Sindano akasogeza miwani. Herufi zilikuwa kali, nyeusi, wazi kama mchana.

"Jumapili," akasema.

"Ya wiki ipi?"

"Iliyokuwa haijafika."

Dada akaivuta barua, akampa kalamu.