Ampea Tano kwa Betri ya Mwalimu

Mwalimu Gideon alipomwona Gerishon akishuka kwenye boda pale getini, alirudi nyuma hatua moja. Jemutai, mkewe, ndiye aliyemwita. Walikuwa wamekutana sokoni wiki iliyopita, mama wa watu akafurahi mpaka akaomba namba ya simu. Sasa gari lilikuwa limelala uani, Mwalimu aliacha taa zikiwaka usiku kucha, betri haina nguvu hata ya honi, na kesho Jumapili walitakiwa Kapseret kwa wazazi wa Jemutai.

"Si kuna Gerishon?" Jemutai alisema, akapiga simu hapo hapo.

Angejuaje? Ile Jumatatu ya mwisho wa mwaka 2007, Jemutai alikuwa huko huko Kapseret.

Na ilikuwa hivi. Gerishon alikuwa jirani yao hapa mtaa wa Pioneer, ukuta kwa ukuta. Asubuhi hiyo, moshi wa nyumba zilizochomwa baada ya kura ukipanda kila upande wa mji, alibisha mlango akiwa na mkewe na mamake, mzee mwenye magoti mabovu. Aliomba kitu kimoja tu, wapelekwe kituo cha polisi. Mwalimu Gideon, mzee wa kanisa, mtu wa kusomea wenzake Biblia, alisimama mlangoni akasema, "Betri imekufa." Haikuwa imekufa. Aliwaogopa vijana waliofunga barabara kwa mawe, aliogopa kuonekana amewabeba watu wanaotafutwa kwa sababu ya kabila lao. Gerishon hakubishana. Alimpakia mamake kwenye wilbaro, wakaondoka. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mwalimu ilikuwa imefika karibu miaka mitatu, na bado alikuwa anaitembea.

"Habari ya siku nyingi, Mwalimu," Gerishon alisema. Chaja ilikuwa begani, sanduku la chuma zito. Zamani alikuwa na kibanda chake cha betri. Siku hizi alizunguka nyumba kwa nyumba.

"Nzuri, fundi," Mwalimu alijibu, akiangalia viatu vyake.

Gerishon alifungua waya wa nega, ule wa hasi, kwanza, kisha wa poziti, wa chanya, akaitoa betri. Mwalimu alifungua stoo haraka. Alitaka kazi ifanyikie ndani, majirani wasione nani amekuja kwake.

"Huko hapana," Gerishon alisema. "Betri ikichajiwa inatoa gesi. Ukiifungia stoo, cheche moja tu inakulipukia usoni. Tuiweke hapa barazani, upepo upite."

Basi ikawekwa barazani, wazi kabisa, kila aliyepita njiani akiiona. Gerishon alifungua vifuniko sita, akaongeza maji ya betri mpaka yakafunika sahani za ndani, asijaze. Chaja aliiweka mbali kadiri waya zilivyofika. Klipu nyekundu kwa poziti, nyeusi kwa nega, na hapo ndipo akawasha soketi. Akazungusha swichi mpaka mshale wa chaja ukasimama kwenye tano.

"Tano tu?" Mwalimu aliuliza. "Si uipandishe ishirini, umalize kwa masaa mawili uende zako?"

Maneno yalimtoka vibaya na alijua. Jemutai alimtazama kwa mshangao.

"Utaipika, Mwalimu. Hii ni betri ya ampea hamsini kwa saa. Unagawanya kwa kumi, unapata ampea tano. Kwa vile iko tupu kabisa, tuhesabu masaa kumi na moja hivi. Saa hii ni saa moja asubuhi. Jioni saa kumi na mbili itakuwa tayari."

Masaa kumi na moja! Mwalimu alihisi kama amesomewa hukumu.

Siku ilikuwa ndefu, jamani. Kila saa Gerishon aliinama, akagusa ubavu wa betri kwa kiganja kuona kama inapata moto sana, akarudi kwenye kiti chake. Jemutai alileta chai, akaleta mursik, maziwa mala ya kibuyuni, akaleta ugali na mboga, na kila mara aliuliza habari. Watoto wanasoma wapi? Nyumba mlipata? Na mama?

"Mama alituacha," Gerishon alisema. "Mwaka uliofuata. Bado tulikuwa kwenye hema kambini."

Jemutai alishika mdomo. "Na alivyompenda mume wangu, Baba Chebet! Kila jioni alikuwa anaulizia maziwa ya Mwalimu."

"Alimpenda mpaka mwisho," Gerishon alisema.

Mwalimu aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama karibu na tangi la maji bila kazi yoyote. Mara tatu alirudi barazani akiwa amepanga la kusema. Mara ya kwanza aliuliza kama mvua itanyesha. Mara ya pili aliuliza bei ya asidi. Mara ya tatu alikaa tu, betri ikichemka taratibu kati yao.

Ilipokaribia saa kumi na mbili, vyumba vyote sita vya betri vilikuwa vinatoa mapovu sawasawa. Gerishon alizima soketi kwanza, ndipo akatoa klipu. Akavuta asidi kidogo kwenye kipimo cha kioo cha kupimia uzito wake, chumba kimoja baada ya kingine, akakiinua kwenye mwanga. Kilionyesha zaidi kidogo ya elfu moja mia mbili sitini, chumba baada ya chumba.

"Imejaa," alisema. "Betri nzima ikifika hapa, hata ukiiacha wiki mbili bila kuigusa, bado itawasha gari."

Wiki mbili. Mwalimu alihesabu, ingawa alishahesabu mara nyingi. Gerishon aliichaji betri yake ile Jumamosi baada ya kura, barazani hapa hapa. Uongo ulikuwa wa Jumatatu.

"Gerishon," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Ile siku betri haikuwa imekufa."

Jemutai, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisimama.

"Najua," Gerishon alisema. "Si niliichaji mimi? Masaa kumi, ampea tano."

"Ulijua pale mlangoni?"

"Pale pale."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Uliogopa. Hata mimi niliogopa." Alikuwa anafunga vifuniko, kimoja kimoja, bila kuinua macho. "Tukiwa njiani mama akaniuliza kutoka kwenye wilbaro, Gerishon, si ni wewe ulichaji hiyo betri ya Mwalimu? Nikamwambia labda sikuichaji vizuri. Sikutaka akuchukie. Alikuwa hana watu wengi wa kupenda. Basi akanilaumu mimi. Amekufa akijua mtoto wake ni fundi mbaya aliyewaponza."

Mwalimu alifunika uso kwa mikono.

"Mama nilimzika na hilo neno," Gerishon alisema. "Lakini mke wangu yuko. Mpaka leo tukikosana ananiambia, wewe kazi yako tunaijua, mzee alisukumwa kwa wilbaro sababu yako. Sikuwahi kumwambia tofauti."

Alibeba betri mpaka kwenye gari, akafunga waya wa poziti kisha wa nega, akashusha boneti. Mwalimu alielewa anachotakiwa kufanya, akatafuta visingizio. Giza linaingia. Mafuta ni kidogo. Mke wa Gerishon pengine amechoka. Jemutai aliingia ndani, akatoka na ufunguo, akaukandamiza kwenye kiganja cha mumewe.

Mwalimu aliketi kwenye usukani, na ndani ya moyo, Mungu amsamehe, aliomba gari likatae.

Liliwaka mara moja.

Gerishon aliweka chaja nyuma, akaketi kando yake, akafunga mlango.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Twende ukamwambie."