Milimita Ishirini

Majibu ya maabara yalikuwa mstari mmoja: zege la boriti ni imara. Mhandisi aliyasoma mara tatu. Mwaka mmoja nyuma boriti ya baraza la zahanati ilipasuka upande wa juu, pale inaposhikwa na ukuta, naye akaandika kwamba fundi kapunja saruji. Fundi alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

"Nguzo imezama, dada," dogo alimwambia siku ile. "Nimepima kwa mpira wa maji. Milimita ishirini."

"Wewe shika mwiko. Hesabu niachie mimi."

Sasa alikwenda mwenyewe na mpira wa maji, akalinganisha usawa wa maji ukutani na nguzoni. Nguzo ile, inayobeba ncha ya pili ya boriti, ilisimama juu ya udongo wa kujazia. Ishirini kamili.

Akaketi kwenye ngazi, akafungua hesabu zake za zamani. Kwanza unawazia nguzo haipo: mzigo peke yake unaishusha ncha milimita arobaini. Kisha unausahau mzigo, unairudisha nguzo kama mkono unaosukuma juu. Unajumlisha, kushuka na kupanda, na jumla lazima ilingane na mahali ncha ilipo kweli. Yeye alikuwa ameandika kwamba ncha imeshuka sifuri, kana kwamba udongo ule ni mwamba. Kwa sifuri, nguzo husukuma kwa nguvu ya kilonewtoni kumi na nane.

Akafuta sifuri, akaandika ishirini. Nguzo ikabaki na tisa. Kilichobaki kiliangukia ukutani, na pale nguvu ya kuikunja boriti ikapanda mara mbili na nusu. Nondo alizozipanga yeye zisingeweza kuihimili.

Aliandika ripoti mpya palepale, akajitaja. Halafu akapiga simu. Wifi yake ndiye aliyepokea.

"Leo umekumbuka tunaishi?" alisema, akampa mumewe simu.

"Dogo. Nimepima nguzo."

"Kiasi gani?"

"Ishirini."

Nyuma ya dogo mtu aligonga nyundo.

"Nimeandika kosa ni langu. Kesho inafika ofisini. Kazi yako utarudishiwa, nitasimama mimi mwenyewe."

"Nisomee."

Akamsomea, polepole, hadi mwisho.

"Pale panaposema fundi hakuiba. Rudia."

Akarudia. Akakwama katikati, akaanza upya.

"Umeandika vizuri," dogo akasema. "Mama hakutaka nimshike mkono, unakumbuka? Kitandani pale, siku yake ya mwisho. Alisema mkono ulioiba saruji ya wagonjwa usimguse."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa umekaa upande wa pili."

"Nilikuwepo."

"Basi kamsomee na yeye."

Simu ikakatika. Wagonjwa walikuwa wamepanga foleni chini ya baraza, wakijikinga na jua. Mhandisi alijifuta uso kwa kiganja, akaenda kuwaomba watoke hapo, mmoja mmoja, mpaka boriti itakapoegemezwa.