Sentimita Moja ya Mguu wa Kulia

Mimi sijawahi kudanganywa na mwanamume. Nimeliandika hilo kwa mkono usiotetemeka, anayetaka kubisha na abishe. Basi, nimedanganywa na mmoja tu, na huyo nimempikia miaka thelathini na minane.

Mume wangu huchechemea. Anasema mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto. Ufupi huo aliugundua wiki ile ile tuliyohamia ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ambayo bomba liko uani na ngazi ni arobaini na sita. Idadi naijua mimi kwa sababu mbeba maji ni mimi. Dumu mbili asubuhi, dumu mbili jioni, na mwenzangu amesimama juu kabisa, ameegemea ukuta, fimbo yake mkononi, ananiongoza kama nahodha: "Taratibu, mama watoto, ngazi ya kumi na mbili ina ufa."

Sikuwahi kumshuku. Haya, nilimshuku mara moja, siku pazia la jikoni liliposhika moto. Mimi nilimwaga maji yote ya siku mbili nikalizima, kisha nikashuka kumtafuta. Nikamkuta uani amekaa juu ya ndoo, kakunja nne, hata hahemi. "Mbona umekawia?" akaniuliza. Nilipomwuliza amefikaje, akajibu kwamba hofu ina miguu yake. Niliishia darasa la saba, habari za miguu ya hofu hatukufika.

Kilichochokoza mambo ni huruma ya wifi yangu, dada yake mdogo. Wifi anampenda kaka yake mpaka inachosha kutazama. Siku hiyo alikuja kututembelea akanikuta napandisha maji, jasho linanitiririka.

"Wifi, unazeeka vibaya," akanisalimia.

"Wewe umezeeka vizuri, umenenepa kama mto wa kochi," nikamjibu. "Shika dumu moja."

Hakushika. Tukaingia ndani, na mume wangu alipotuona akashusha pumzi ya masikitiko. "Roho inaniuma," akasema. "Wallahi ningekuwa na kiatu cha kunisawazisha huu mguu, maji ya nyumba hii ningebeba mimi, mpaka siku ya kufa. Na ya majirani ningebeba."

Alisema hivyo akiamini viatu vya namna hiyo havipo duniani. Wifi akapiga makofi. "Vipo, kaka! Yule fundi anayeshona kwa vipimo, pale nyuma ya duka la vitambaa. Nitakutolea mimi, zawadi. Jumatatu tunakwenda."

Nimemwona mume wangu siku ya msiba wa baba yake. Hakuwa na uso ule.

Fundi mwenyewe ni mtu wa maneno machache, kwa sababu mdomoni huwa na misumari midogo kumi na miwili wakati wote, anaitoa mmoja mmoja akipigilia. Karakana yake ni chumba kimoja chenye harufu ya gundi na ngozi. Ukutani zimepangwa faroma, ile miguu ya mbao ambayo kiatu hushonwa juu yake, jozi kwa jozi, kila jozi na jina la mtu. Nikaona kama familia kubwa imekatwa miguu, ikaenda zake.

Tulifika asubuhi, fundi akaturudisha. "Njooni saa kumi. Asubuhi mguu umelala, jioni umevimba kidogo. Ukipima asubuhi kiatu kitabana jioni. Na uje na soksi utakazovalia. Na viatu vyako vya zamani, uje navyo."

Saa kumi tukarudi. Akamsimamisha mume wangu juu ya karatasi, uzito miguu yote miwili. "Usikae. Mguu uliobebeshwa mtu hutanuka." Akaichora miguu kwa penseli iliyosimama wima, wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake, kwa sababu hakuna mtu mwenye miguu iliyolingana kabisa. Kisha futi ya kitambaa. Akazungusha pale panapokunjika, kwenye vifundo vya vidole, ndipo mguu ulipo mpana zaidi. Akazungusha kiunoni mwa mguu, pale unapopungua katikati, halafu mgongo wa mguu, halafu kutoka nyuma ya kisigino kupanda mpaka juu ya mgongo. "Hiki ndicho kipimo wengi hawakijui," akasema. "Kikikosewa, kisigino kinacheza au mguu hauingii." Kila namba aliiandika ubavuni mwa mchoro.

"Na ufupi?" akauliza wifi, machozi karibu.

"Mimi si daktari. Pengo kubwa ni kazi ya hospitali. Dogo naweza kulijaza." Akawa anaweka vipande vya ngozi chini ya mguu wa kulia, kimoja baada ya kingine, huku akitazama kama mkanda wa suruali umelala sawa. Alipoweka sentimita moja mume wangu akalia, "Hapo! Hapo hapo!" Fundi akautazama ule mkanda. Mimi nilimwona akiutazama kwa muda. Kisha akaokota viatu vya zamani, akavigeuza, akazichungulia soli, ya kulia, ya kushoto, ya kulia tena. Akaisogeza misumari upande mmoja wa mdomo.

"Sentimita moja nitaiweka ndani, chini ya kisigino, isionekane," akasema kwa upande wa mdomo. "Nitachukua faroma iliyo karibu na mguu wako, niijaze ngozi pale ulipozidi, niache nafasi mbele ya vidole. Utakuja kujaribu mara mbili. Mguu ukiwa msumbufu, mara tatu. Ya mwisho unaondoka navyo."

Mara mbili, ukizidi sana tatu. Nilihesabu kwa vidole nikirudi nyumbani na nikaanza kuziaga dumu zangu.

Jaribio la kwanza kilikuwa kiatu cha mzaha, cha ngozi ya mabaki, bila soli ya kweli, cha kuonea umbo tu. Mume wangu akakanyaga, akakunja uso. "Kidole kidogo kinalia." Sawa, ndiyo kazi ya jaribio la kwanza hiyo. Fundi akabandika kipande cha ngozi kwenye faroma, pale penye kidole.

Jaribio la pili, kiatu chenyewe, soli imeshikizwa tu. "Kidole kimenyamaza," akasema mume wangu, "ila mgongo umeanza. Na ile sentimita haitoshi, bado naanguka kulia." Akachechemea mpaka mlangoni na kurudi, wifi akaziba macho.

Jaribio la tatu: "Sasa sentimita imezidi. Naona kizunguzungu."

La nne: "Imepungua."

La tano: "Imezidi tena, ila upande wa nje."

Kila mara fundi alibandika kipande pale alipolalamikiwa, na faroma ya mume wangu ikaota manundu mpaka ikawa kama kiazi kilichosahaulika kabatini. Wateja wengine walikuja kuitazama. Mama mmoja aliuliza kama mwenye mguu ule bado yu hai. Wifi akaipakata akaisugua kwa kiganja, akaiambia pole, kaka, pole. Na mume wangu, badala ya kuona haya, akaitolea kasoro: "Tatizo la hii faroma yako, fundi, yenyewe haichechemei. Itayajuaje maumivu yangu?"

"Nikuchongee inayochechemea?" akauliza fundi.

"Ingefaa."

Mimi nikaendelea kupanda ngazi. Niliacha kuziaga dumu. Jioni moja nilikaa kwenye ile ya kumi na mbili, yenye ufa, nikajiambia: mwanamke, kile kiatu hakitakwisha. Utakufa hapa, na huyu atasimama juu kukuelekeza namna ya kufa taratibu. Kesho yake nikaenda kwa fundi peke yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sijui kushona. Lakini hebu niambie, majaribio matano ni ya mguu gani? Wa tembo?"

Akatema misumari yote kwenye kiganja. Nilijua kuna jambo, kwa sababu sijawahi kuuona mdomo wake ukiwa mtupu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Sasa sema."

"Mleteni kesho saa kumi. Na dada yake aje, maana ndiye aliyeagiza. Mama, na wewe njoo na zile dumu zako."

"Za nini?"

"Njoo nazo tu."

Kesho yake tukawa wanne ndani ya kile chumba, na dumu zangu mbili tupu nikaziweka mlangoni. Mume wangu alizitazama kama mtu anayeona jeneza lenye vipimo vyake. Fundi akamvisha viatu vilivyokamilika, vyeusi, vinang'aa, kamba zimefungwa. Hata mimi nilitaka kuvivaa.

"Tembea, mzee."

Akatembea. Jamani, alivyochechemea siku ile! Alikuwa anazama na kuibuka kama ndoo kisimani. "Mtaniua," akasema. "Hii sentimita ya kulia ndiyo inayoniua. Imenitupa kushoto. Naisikia kabisa hapa kisiginoni, ngumu, kama jiwe. Ipunguze nusu, fundi, halafu nije wiki ijayo."

"Unaisikia?"

"Kama ninavyokusikia wewe."

"Vua."

Fundi akakichukua kiatu cha kulia, akakipandisha mezani, akafunua soli ya ndani. Akamwambia wifi, "Dada, tia mkono. Nitolee kile kipande."

Wifi akatia vidole viwili, akatia vitatu. Akapapasa. Akachungulia. "Hakuna kitu humu," akasema.

"Nilikitoa baada ya jaribio la kwanza," akasema fundi. "Sentimita imekuwa ikizidi na kupungua tangu hapo, na haipo. Na manundu ya kwenye faroma niliyabandua yote juzi nikarudi kwenye vipimo vya siku ya kwanza. Kiatu hiki kinamkaa kama ngozi yake." Akaviinua vile viatu vya zamani. "Mtu mwenye mguu mfupi hula soli upande mmoja. Hizi zimelika sawasawa, visigino vyote viwili. Nimeshona miaka ishirini, mama. Maneno yanapinda. Soli haipindi."

Wifi aliweka kiatu mezani polepole. "Kaka," akasema, na ile sauti yake ya huruma nikaisikia ikichacha.

Mume wangu alitazama dari. Alizitazama faroma za watu wote ukutani, labda kutafuta atakayemtetea. Mimi nilizisogeza dumu kwa mguu, kidogo tu, zikagongana.

"Sikatai," akasema mwishowe kwa heshima zote. "Pengine fundi yuko sahihi kuhusu kiatu. Lakini maumivu ni ya mwenye mguu." Akavivaa vile viatu vipya, akainuka, akachukua fimbo yake, akaanza kuelekea mlangoni akichechemea taratibu, kichwa juu, kama mtu aliyeonewa.

"Baba watoto," nikamwita.

"Nini tena?"

"Huo unaochechemea ni wa kushoto."

Akasimama. Akaitazama miguu yake yote miwili, mmoja baada ya mwingine, akahesabu. Kisha akabadilisha.